Dawa Hamna, kwa Siku Ngapi?

Ukiingia stoo ya dawa ya zahanati iliyopangwa vizuri, kando ya kila rundo la maboksi utakuta kadi ya karatasi ngumu. Juu imeandikwa jina la dawa, nguvu yake na namna inavyohesabiwa: kidonge, chupa au kichupa cha sindano. Chini yake kuna mistari na safu chache: tarehe, kilikotoka au kilikokwenda, kiasi kilichopokelewa, kiasi kilichotolewa, kilichoharibika au kurekebishwa, salio, na sahihi ya aliyeandika. Wengine huiita kadi ya stoo, wengine husema leja, kwa kuwa vituo vingine huandika mambo hayohayo kwenye daftari kubwa. Vyovyote iitwavyo, kazi yake ni moja. Kila boksi linaloingia au kutoka linaandikwa siku ileile, na salio linabadilika.

Safu ya salio ndiyo yenye habari inayotafutwa hapa. Siku inapofika sifuri, mwandishi huandika 0 na tarehe. Siku mzigo mwingine unapopokelewa, huandika kiasi kipya na tarehe. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku ambazo mama alifika na mtoto anayekohoa, akapimwa, akaandikiwa, halafu dirishani akaambiwa dawa hamna, akanunue duka la dawa. Siku hizo zinahesabika. Ukizijumlisha kwa kila dawa na kila kituo, mwezi baada ya mwezi, unapata kipimo kinachosema mengi kuliko tarakimu ya upatikanaji wa dawa iliyozoeleka kwenye taarifa.

Tarakimu hiyo ya upatikanaji hutokana na swali jepesi. Msimamizi anafika kituoni na orodha fupi ya dawa zilizochaguliwa kuwakilisha nyingine zote, yaani dawa viashiria, anatazama rafu na kuweka alama: ipo, haipo. Zikiwepo tisa kati ya kumi, kituo kina upatikanaji wa asilimia 90. Hakuna kosa katika hesabu hiyo, ila inaijua siku moja tu. Mzigo ukifika Jumatatu na msimamizi akaja Jumanne, zahanati iliyokaa wiki tatu bila dawa itaonekana imesheheni. Akija siku moja kabla ya mzigo, zahanati iliyokuwa na dawa mwezi mzima itaonekana imeshindwa kazi. Pia ziara za usimamizi mara nyingi hutangazwa mapema, na kituo kinachosubiri mgeni hupata nafasi ya kuazima makopo kwa jirani.

Kipo kipimo cha pili, kinachouliza kama dawa iliwahi kuisha angalau mara moja katika mwezi. Hiki kinaona zaidi ya siku ya ziara, lakini kinaweka sawa dawa iliyokosekana kwa saa chache na ile iliyokosekana siku 28. Kuhesabu siku ndiko kunakozitenganisha.

Hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kalamu. Tuseme kituo kinafuatilia dawa viashiria kumi katika mwezi wa siku 30. Kila dawa ilipaswa kuwepo siku 30, kwa hiyo zote kwa pamoja zina siku 300 za kuwepo. Sasa pitia kadi kumi, uhesabu siku ambazo kila moja ilikuwa sifuri, ujumlishe. Jumla hiyo igawe kwa 300, kisha uzidishe kwa 100. Jibu ndilo kiwango cha kuishiwa dawa cha kituo kile kwa mwezi ule.

Tuzitazame zahanati mbili za mfano, A na B, katika mwezi wa Septemba. Zahanati A iliishiwa amoksilini ya watoto kwa siku 6, sindano ya oksitosini kwa siku 3, na dawa mseto ya malaria ya watoto wadogo kwa siku 15. Jumla ni siku 24, na 24 kwa 300 ni asilimia 8. Zahanati B haikuishiwa chochote isipokuwa vidonge vya kuongeza damu kwa wajawazito, ambavyo havikuwepo kuanzia tarehe 7 hadi mwisho wa mwezi. Hizo nazo ni siku 24, asilimia ileile 8. Msimamizi aliyefika tarehe 30 alikuta A ina dawa zote kumi akaipa asilimia 100, kwa sababu mzigo ulikuwa umeshafika. B ilipata 90. Kwa macho ya siku hiyo A ni bora. Kwa kadi zake, A ilikuwa na matatizo matatu tofauti mwezi huohuo, na moja lingeweza kuua mtu.

Oksitosini ndiyo sindano anayochomwa mama mara tu mtoto anapozaliwa ili mji wa mimba ujikaze na damu isimwagike. Dozi ya kuzuia ni yuniti 10, kwa kawaida kichupa kimoja kwa kila mama. Mwanamke anayejifungua usiku wa manane hawezi kuambiwa arudi Alhamisi. Kwa hiyo siku 3 za oksitosini katika jumla ya 24 zina uzito ambao asilimia haiuonyeshi, kwa vile hesabu inazichukulia siku zote kuwa sawa. Mfamasia wa wilaya anayejua kazi yake haishii kwenye asilimia ya kituo. Huweka kando yake jedwali la dawa moja moja, na dawa za uzazi na za watoto huzisoma kwanza.

Hapa inafaa kuifungua kadi moja na kuifuata mstari kwa mstari, maana ugumu wa hesabu hii uko katika mambo madogo.

Kadi ni ya amoksilini ya watoto ya miligramu 250, vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji, katika Zahanati A. Tarehe 1 Septemba salio la stoo ni vidonge 400. Tarehe 4 boksi la vidonge 100 linatolewa kwenda chumba cha kutolea dawa, salio linakuwa 300. Tarehe 8 linatoka jingine, tarehe 12 jingine, na tarehe 16 boksi la mwisho linatoka na salio linaandikwa 0. Tarehe 26 unapokelewa mzigo wa vidonge 500, na siku hiyohiyo vidonge 100 vinakwenda dirishani. Tarehe 30 vinatoka 100 vingine. Wakihesabu rafu jioni hiyo, wanakuta 300, sawa na kadi.

Je, dawa ilikosekana siku ngapi? Anayeisoma kadi ya stoo peke yake atahesabu kuanzia tarehe 16, salio lilipokuwa sifuri, hadi tarehe 25, siku moja kabla ya mzigo. Ni siku 10. Lakini tarehe 16 mgonjwa hakukosa dawa. Boksi la mwisho lilikuwa limeingia tu chumba cha kutolea dawa, na kwa kuwa zahanati hii hutumia vidonge 25 kwa siku, lilitosha hadi jioni ya tarehe 19. Mgonjwa wa kwanza kuambiwa hamna alikuja tarehe 20. Toka hapo hadi tarehe 25 ni siku 6.

Stoo tupu si lazima iwe na maana ya dirisha tupu. Kwenye zahanati ndogo, ambako stoo na dirisha ni kabati moja, jambo hili halisumbui. Kwenye kituo cha afya au hospitali yenye stoo, famasia na wodi, tofauti inaweza kuwa siku kadhaa kwa kila dawa. Ndiyo sababu kabla ya kulinganisha vituo ni lazima ikubaliwe kipi kinahesabiwa. Kanuni inayofaa kwa anayejali mgonjwa ni kuhesabu siku ambazo dawa haikuwepo popote kituoni, na ili kujua hivyo chumba cha kutolea dawa nacho kinahitaji daftari la matumizi ya kila siku. Mahali ambapo daftari hilo halipo, kadi ya stoo itumike, ila wilaya nzima itumie kanuni moja na iandike hivyo juu ya jedwali.

Zipo kanuni nyingine ndogo za kukubaliana. Siku ambayo dawa iliisha saa nane mchana inahesabiwa? Njia rahisi ni kutazama hali ya jioni: siku iliyofungwa kwa salio sifuri inahesabiwa, na siku ya mzigo kufika haihesabiwi kwa sababu jioni dawa ipo. Jumamosi na Jumapili zinaingia, maana watu huugua na wanawake hujifungua siku zote saba. Dawa iliyoisha Agosti na kuendelea kukosekana inaanza Septemba ikiwa imekosekana tangu tarehe 1, ingawa kadi haina mstari wowote mpya. Mtu anayetafuta sifuri iliyoandikwa ndani ya Septemba ataipita bila kuiona, na hivyo ndivyo ukosefu mrefu kuliko wote unavyoweza kutoweka kwenye taarifa.

Umuhimu wa zile siku 6 dhidi ya 10 unaonekana wakati wa kuagiza.

Vituo vya umma Tanzania Bara huagiza sehemu kubwa ya dawa zao Bohari ya Dawa, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, kwa kujaza fomu inayoripoti hali ya kila dawa na kuomba kiasi kipya. Fomu huuliza salio la mwanzo, kilichopokelewa, kilichotumika, kilichopotea, salio la mwisho, na pia siku ambazo dawa haikuwepo. Safu hiyo ya mwisho wengi huiacha wazi au huijaza sifuri kwa haraka, wakidhani ni ya kujilaumu. Kumbe ndiyo inayorekebisha oda.

Septemba Zahanati A ilitumia vidonge 600. Ukiangalia namba hiyo peke yake, utasema mahitaji ya mwezi ni 600. Lakini vidonge hivyo vilitumika ndani ya siku 24 ambazo dawa ilikuwepo. Siku 6 zilizobaki watoto waliendelea kuugua, ila hawakuingia kwenye hesabu ya matumizi kwa kuwa hawakupewa kitu. Kupata mahitaji ya kweli, gawa 600 kwa 24, upate 25 kwa siku, kisha zidisha kwa 30. Jibu ni 750. Mwandishi asiyejaza siku za kukosekana ataomba 600, na mwezi unaofuata dawa itaisha tena siku 6 kabla ya wakati, hata kama mzigo utakuja kamili na kwa tarehe yake. Anayejaza siku 10 za stoo badala ya 6 za dirisha atagawa 600 kwa 20, apate mahitaji ya 900, na vidonge 150 vya ziada kila mwezi vitaanza kurundikana hadi viharibike.

Mzunguko huo una tabia ya kujilisha wenyewe. Chukulia zahanati ileile imeomba 600, bohari ikawa na upungufu na kuleta 480. Kwa matumizi ya 25 kwa siku, mzigo unakwisha baada ya siku 19. Mwisho wa mwezi kadi inaonyesha matumizi ya 480, na kama safu ya siku imeachwa tupu, oda inayofuata itakuwa 480. Kwenye makaratasi inaonekana kwamba watoto wa eneo lile wanaugua nimonia kidogo kuliko zamani. Bohari nayo, ikijumlisha oda za vituo mamia vinavyoandika hivyo, hupanga manunuzi ya nchi kwa namba zilizokwisha kupunguzwa na uhaba wenyewe. Hapa hakuna aliyeiba kidonge hata kimoja. Safu moja tu haikujazwa.

Habari za dawa kuisha husambaa haraka kijijini, na jambo hili linaifanya hesabu ya siku kuwa ya lazima zaidi. Watu wakishasikia kwamba zahanati haina dawa, wengi hawaendi kabisa. Idadi ya wagonjwa katika kitabu namba 5 cha MTUHA, kile cha wagonjwa wa nje, nayo hushuka, na ukiitazama peke yake utadhani afya imeimarika. Weka siku za kukosekana kando ya idadi ya wagonjwa, wiki kwa wiki, na mara nyingi mabonde mawili yatakutana.

Tanzania ina mfano wake halisi wa kinachoweza kutokea pale hali ya stoo inapoonekana mapema. Kati ya mwaka 2009 na 2010 mradi ulioitwa SMS for Life uliendeshwa katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Vituo 129 vya afya vilihusika. Kila wiki mhudumu wa kituo alipokea ujumbe wa simu akiulizwa salio la dawa mseto, katika vifurushi vyake vinne vya uzito tofauti, pamoja na sindano ya kwinini. Alijibu kwa ujumbe mfupi usio na gharama kwake, na akijibu kwa wakati aliongezewa salio la simu. Namba zilionekana kwa wasimamizi wa wilaya siku chache baadaye.

Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo havikuwa na angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21, asilimia hiyo ilikuwa 26. Lindi Vijijini walifika mahali ambapo karibu hakuna kituo kilichoishiwa. Simu yenyewe haikutengeneza dawa. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa wilaya alijua zahanati gani ina maboksi ya kutosha na ipi haina, akahamisha, na maombi ya dharura yakaenda kabla rafu haijawa tupu kwa mwezi mzima.

Mradi ule pia unaonyesha mpaka wa kipimo cha mara moja kwa wiki. Dawa iliyoisha Ijumaa na kurudi Jumatano, huku swali likiulizwa Alhamisi, haionekani kabisa. Na asilimia 78 ile ilihesabu kituo kuwa kimekosa hata kama kilikosa kifurushi kimoja tu kati ya vinne. Hilo lina maana katika malaria, kwa kuwa dawa ni ileile ndani ya vifurushi tofauti. Mtoto mdogo kabisa hupewa vidonge 6 kwa matibabu yote, mtu mzima hupewa 24. Kifurushi cha mtoto kikiisha, mhudumu hukata kile cha mtu mzima na kupata dozi nne za watoto. Mgonjwa ametibiwa, japo kadi ya kifurushi cha watoto inasema sifuri kwa siku 15, kama tulivyoona Zahanati A.

Je, siku hizo 15 ni za kweli? Kwa mtoto aliyepata dozi, hapana. Kwa stoo, ndiyo, na madhara yake hutokea upande mwingine: kifurushi cha watu wazima huisha haraka, na matumizi yake kwenye kadi hupanda bila sababu inayoeleweka. Njia ya busara ni kuandika hesabu mbili. Ya kwanza ni siku ambazo kila kifurushi kilikosekana, kwa ajili ya kuagiza. Ya pili ni siku ambazo vifurushi vyote vilikosekana kwa pamoja, maana hizo ndizo siku ambazo mgonjwa wa malaria alirudi mikono mitupu.

Upande wa pili wa shilingi ni salio lisilo sifuri ambalo halimsaidii mtu. Mtoto mwenye nimonia wa kati ya mwaka mmoja na mitano hupewa vidonge viwili vya amoksilini vya miligramu 250 asubuhi na viwili jioni kwa siku tano, jumla vidonge 20. Kadi yenye salio 8 haihesabiki kuwa imeisha, na kwa siku nne vidonge vile vinaweza kukaa kwenye kopo vikingoja. Kibaya zaidi ni mhudumu mwenye huruma anayevigawa: huyu vinne, yule vinne, ili asiwepo wa kurudi bure. Nusu dozi ya kiuavijasumu haiponyi nimonia, na inawapa vimelea nafasi ya kuzoea dawa. Ndiyo maana wapo wanaoweka mstari kwenye dozi moja kamili badala ya sifuri: salio likishuka chini ya 20, siku inahesabiwa kuwa ya kukosa.

Vilevile kadi inaweza kusema kuna vidonge 300 na rafu ikawa na vidonge 300, lakini vyote tarehe yake ya mwisho ilipita mwezi uliopita. Kwa mgonjwa hiyo ni sifuri. Dawa iliyoisha muda inatakiwa kutolewa kwenye salio siku ileile, iandikwe kwenye safu ya marekebisho na itengwe ikisubiri kuteketezwa. Kadi nyingi huendelea kubeba salio hilo, na kiwango cha kuishiwa dawa kinaonekana kizuri kwa sababu ya dawa ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzitoa.

Hayo yote yanategemea kadi iwe imeandikwa kweli. Anayezikagua kwa muda mrefu hujifunza kutambua kadi iliyojazwa jioni ya siku ya ukaguzi. Mistari ya mwezi mzima ina wino uleule na mwandiko usiochoka, bila kufutwa wala kurekebishwa popote. Kiasi kinachotolewa ni kilekile kila mara, hata wiki za mvua ambapo malaria hupanda. Salio la kadi na hesabu ya rafu vinalingana kila mwisho wa mwezi bila kupishana hata kidonge kimoja, jambo ambalo ni nadra sana mahali ambapo watu wawili watatu wanagawa dawa kwa zamu. Kadi yenye tofauti ndogo zilizoelezwa huaminika zaidi kuliko iliyonyooka kupita kiasi.

Ukaguzi mzuri zaidi unafanyika kwa kulinganisha na kitabu cha wagonjwa. Chukua wiki moja, hesabu watoto walioandikiwa amoksilini, kadiria vidonge walivyostahili kupewa, kisha tazama kadi. Ikiwa kitabu kina watoto 9 na kadi inasema vimetoka vidonge 1,000, kuna la kuuliza. Ikiwa kitabu kina watoto 30 na kadi haionyeshi kutoka hata boksi moja, huenda dawa iliisha na sifuri haikuandikwa.

Kuna pia kadi isiyo na mstari wowote kwa mwezi mzima. Inaweza kuwa ya dawa inayotumika mara chache, kama sindano ya magnesia salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba, ambayo zahanati ndogo inaweza kumaliza mwezi bila kuigusa. Inaweza pia kuwa kadi iliyosahauliwa. Salio la mwisho lililohesabiwa rafuni ndilo linaloamua. Kama hakuna hesabu ya rafu, dawa hiyo iandikwe haijulikani, na siku zake zitolewe kwenye kigawanyo. Kuandika sifuri ya siku za kukosa mahali ambapo hakuna taarifa ndilo kosa linaloharibu majedwali ya wilaya kuliko mengine, kwa sababu linakipandisha juu kituo kisichoandika chochote. Kituo kilicholeta kadi saba kati ya kumi kipimwe kwa siku 210, na kando ya asilimia yake iandikwe kwamba kadi tatu hazikupatikana. Vivyo hivyo, dawa ambayo ngazi ile ya kituo hairuhusiwi kuwa nayo isihesabiwe kabisa.

Jedwali likiwa tayari, kazi inayobaki ni kuuliza kwa nini, na tarehe zilezile husaidia. Pangeni kwa kila dawa iliyokosekana tarehe nne: oda ilitumwa lini, mzigo ulifika lini, dawa iliisha lini, na bohari ilisema nini kuhusu dawa hiyo. Oda ikiwa ilichelewa kutumwa, tatizo liko kituoni au wilayani. Ikitumwa kwa wakati na dawa ikaisha kabla ya tarehe ya kawaida ya mzigo, basi iliombwa kidogo au matumizi yaliruka, na hapo mtu arudi kwenye ile hesabu ya 600 na 750. Ikitumwa kwa wakati kwa kiasi sahihi na bohari ikajibu kwamba haina, kituo hakina lawama, ila kina njia nyingine.

Njia hiyo ni mshitiri, msambazaji binafsi aliyeingia mkataba na mkoa kuuzia vituo vya umma dawa zilizokosekana Bohari ya Dawa. Utaratibu huo, unaojulikana kama Jazia, ulianza mkoani Dodoma mwaka 2014, ukaongezwa Morogoro na Shinyanga, na mwaka 2018 ukaenea nchi nzima. Kituo hununua kwa fedha zake, zikiwemo za bima na za uchangiaji wa wananchi, baada ya kupata taarifa ya bohari kwamba dawa haipo.

Kwa hiyo siku za kukosekana zinaweza kukatwa vipande. Turudi kwa vidonge vya kuongeza damu vya Zahanati B, vilivyokosekana siku 24. Tuseme taarifa ya bohari kwamba havipo ilitoka tarehe 3, siku nne kabla ya rafu kuwa tupu. Tarehe 11 mganga mfawidhi aliandika barua ya kuomba kununua kwa mshitiri. Barua ilikaa wilayani ikisubiri sahihi hadi tarehe 27, na mshitiri alileta vidonge tarehe 1 Oktoba. Siku 4, kuanzia tarehe 7 hadi 10, zilipita kabla barua haijaandikwa. Siku 16, kuanzia tarehe 11 hadi 26, zilikuwa za sahihi. Siku 4 za mwisho zilikuwa za mshitiri. Mfamasia wa wilaya anayesoma kadi hii anajua kwamba mwezi ujao, kabla ya kuongeza bajeti au kukemea kituo, cha kushughulikia ni zile siku 16 za barua kukaa mezani.